Mahali pa Heshima na Mahali pa Amri katika Barua Iliyofasiriwa



Katika kurasa hizi twataka kusema juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tulio makarani twaifanya karibu kila juma, wala hapana aliyetufundisha: kupewa barua iliyoandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa ofisi, kisha kuambiwa, “Igeuze Kiswahili, ipelekwe kijijini kesho.” Ni kweli kwamba mwaka 1967 ilitolewa amri kwamba kazi za Serikali zifanywe kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Walakini rasimu za wahandisi, za wapimaji na za miradi yenye fedha za wageni bado zatufikia kwa Kiingereza, na mtu wa mwisho kuisoma barua hiyo ni mzee aketiye chini ya mti huko Ikungi au Mkalama, ambaye husomewa na mjukuu wake.

Basi twaanza na jambo lililotokea katika wilaya mojawapo ya mkoa wetu wa Singida, nasi twalijua vizuri kwa kuwa mikono yetu wenyewe ilikuwamo. Ofisi hatuitaji, wala mzee hatumtaji.

Ilikuwa habari ya barabara. Mashamba kadhaa yalikuwa yamekwisha pimwa, na wenyewe walipaswa kulipwa fidia. Kabla ya malipo ilitakiwa kila mwenye shamba afike kuhakiki jina lake na ukubwa wa shamba lake katika orodha. Mhandisi akaandika barua fupi ya Kiingereza, ya adabu kabisa kwa kipimo cha Kiingereza. Ilianza kwa lile neno lao la kumwita mtu mpenzi, ambalo kwao halina mapenzi yo yote. Ikasema kwamba mwenye barua “anatakiwa kwa hii” kufika siku fulani. Ikamaliza kwa kusema kwamba akikosa, madai yake yaweza kuondolewa katika orodha. Karani aliyepewa kazi hiyo alikuwa kijana hodari, mwenye kuogopa kupunguza hata neno moja. Akaandika hivi:

“Mpendwa Bwana, Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa barua hii unaamriwa kufika mbele ya ofisi hii bila kukosa. Ukishindwa kufanya hivyo hatua zitachukuliwa.”

Mzee alisomewa barua jioni. Asubuhi yake hakuonekana. Alikuwa amepanda basi kwenda kwa mwanawe Manyoni, maana katika umri wake wote karatasi yenye mhuri isemayo “unaamriwa kufika mbele ya” aliijua kuwa ni ya mahakama, na maneno “hatua zitachukuliwa” aliyajua kuwa ni ya polisi. Habari ya fidia haikumfikia hata kidogo. Ilikuwamo katika kichwa cha barua tu, kwa maneno manne yaliyofupishwa, na mjukuu aliyaruka.

Ofisi ilipopata habari hiyo, karani alikemewa kuwa hana adabu kwa wazee, na barua ya pili ikaandikwa na mwingine. Huyu naye alikuwa amesoma sana, naye alidhani dawa ya ukali ni utamu. Akaandika:

“Mheshimiwa Mzee wetu, Kwa heshima kubwa na taadhima, ofisi inakuomba kwa unyenyekevu, kama nafasi itakuruhusu, mfike ofisini kwetu kwa mazungumzo mafupi. Endapo mtashindwa kufika, tunaomba radhi kwa usumbufu.”

Mzee alirudi kutoka Manyoni, akaifurahia barua hii, akaiweka katika sanduku lake pamoja na kadi ya chama. Wala hakwenda. Alipoulizwa baadaye alijibu kwa upole kwamba ameombwa aende akipata nafasi, naye nafasi hakuwa nayo, kwa sababu alizeti zilikuwa zimekauka shambani na ndege walikuwa wakizila. Aidha, barua ilisema “mfike”, naye alidhani wanaitwa yeye na ndugu zake wote, na mmoja wa ndugu hao alikuwa safarini. Basi alikuwa akimngoja. Orodha ya awamu ya kwanza ilifungwa, na jina lake halikuwamo.

Twaomba wasomaji wetu wazitazame barua hizi mbili pamoja. Watu husema kwamba ya kwanza ilikosa heshima na ya pili ilizidisha. Sisi twaona kosa ni lingine, nalo ni moja katika barua zote mbili: heshima na amri ziliwekwa mahali pasipo pake. Kiingereza cha ofisi huiweka adabu yake ndani ya kitenzi cha wajibu chenyewe. Mwenye kuandika Kiingereza atakapo kumwamuru mtu kwa adabu hulainisha kitenzi, husema “unaombwa” au “utakuwa mwema ukifika”, na msomaji wa Kiingereza hujua mara moja kuwa hilo si ombi. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kwetu heshima hukaa mlangoni, katika jinsi ya kumwita mtu na kumsalimu kabla ya neno lo lote la shughuli. Tukisha ingia ndani, kitenzi husema kitu kama kilivyo. Mtu wetu akiambiwa “unaombwa”, huamini kwamba ameombwa. Akiambiwa “unaamriwa”, huamini kwamba amekosa.

Si jambo jipya hili. Zile barua za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, nyingine zikachapwa huko Berlin mwaka 1892 katika mkusanyiko wa Bwana Büttner, zilikuwa na utaratibu wake usiobadilika. Kwanza hutajwa mwandikiwa kwa sifa zilizo kadiri ya cheo chake, kisha salamu, halafu neno dogo la kukata, “wa baadu”, ndipo hufuata “nakuarifu”. Baada ya “nakuarifu” mwandishi huwa hana maua tena. Husema deni ni kiasi gani, mzigo umefika au haukufika, lini atakuja. Mwisho husema “wasalaam” na jina lake. Mtu aliyepokea barua kama hiyo alijua tangu mstari wa kwanza kwamba anaheshimiwa, na kwa sababu hiyo aliweza kuambiwa neno gumu wazi bila kuona uchungu.

Wakati wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, barua za Kiswahili za bomani zilipunguza mlango huo mpaka ukawa tundu. Neno “Bwana” lilikuwa la Bwana Mkubwa na Bwana Shauri. Mwenyeji, hata akiwa na mvi, mara nyingi aliandikwa kwa jina tupu na kufuatiwa na amri. Hata watemi waliandikiwa maneno makavu ambayo mwandishi asingethubutu kuyasema mbele yao barazani. Cheo cha watemi kiliondolewa kwa sheria mwaka 1963, walakini mtindo wa barua zile haukuondolewa pamoja nao. Karani aliyeandika “unaamriwa kufika mbele ya ofisi hii” hakuubuni mwenyewe. Aliutoa katika jalada la zamani, kama tufanyavyo sote tukiwa na haraka.

Sasa tuingie katika maneno yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kazi ilipo.

Neno la kwanza ni jina la kumwitia mtu. “Mpendwa Bwana” twashauri liachwe kabisa katika barua ya ofisi. Katika Kiswahili “mpendwa” ni neno la ndugu, la mchumba, au la kanisani. Likitoka kwa Mhandisi wa Wilaya humfanya msomaji asimame na kujiuliza anapendwa tangu lini. Tunayo maneno matatu yatoshayo. “Ndugu” lilienea sana katika ofisi zetu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ili mkubwa na mdogo waitwe jina moja, nalo hata leo halimvunji mtu heshima, mwanamume wala mwanamke. “Bwana” na “Bi.” ni mazuri pia, ila angalieni: “Bibi” kwa kirefu, ambalo wazee wetu walilitumia kwa kila mwanamke wa kuheshimiwa, vijana wengi siku hizi hulisikia kuwa ni nyanya, na tumewahi kumwona mwalimu wa miaka 30 akiirudisha barua kwa sababu hiyo. “Mheshimiwa” lilirudi kwa nguvu tangu miaka ya 1990, nalo lina wenyewe: wabunge, madiwani, mahakimu, wakuu wa wilaya na wa mikoa. Kumwita mkulima “Mheshimiwa” katika barua ya wito hakumpandishi. Humfanya atafute ni nini tunachotaka kwake.

Na “Mzee” je? Hapa sisi wenyewe hatukupatana katika baraza yetu. Wengine walisema si neno la ofisi. Sisi twaona kwamba mtu ambaye kijiji kizima humwita Mzee, akiandikiwa jina tupu, atahisi amevuliwa kofia hadharani. Na kwamba “Ndugu Mzee” likifuatiwa na jina kamili, kama lilivyoandikwa katika daftari la kijiji, halidhuru kitu. Lakini jina kamili lazima liwepo, maana fidia hailipwi kwa Mzee, hulipwa kwa mwenye jina.

Neno la pili ni kiambishi cha mtu. Wafaransa na Wajerumani humheshimu mtu mmoja kwa namna maalum ya kumsemesha, ambayo si ile wamwambiayo mtoto au rafiki, na baadhi ya lugha za Kibantu nazo humsemesha mkubwa kana kwamba ni watu wengi. Kwa hiyo karani mwenye adabu huona vibaya kumwandikia mzee “ufike”, akaandika “mfike”. Katika Kiswahili sanifu “mfike” maana yake ni watu wengi. Barua ya ofisi ni karatasi iwezayo kufikishwa mbele ya hakimu, na hakimu atauliza ni nani aliyeitwa. Twapaswa kuandika “ufike”, “shamba lako”, “jina lako” bila hofu. Hapana tusi katika “u”, likiwa limetanguliwa na jina la heshima. Tusi huja pale “u” linaposimama peke yake mwanzo wa barua, bila jina na bila salamu.

Neno la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni kitenzi cha wajibu. Twaweza kuviweka vitenzi hivi katika ngazi. Chini kabisa ni “unakaribishwa”: mtu akija vema, asipokuja hapotezi kitu. Juu yake ni “unaombwa”: sisi ndio tunaohitaji, naye ana hiari ya kukataa. Kisha “unatakiwa”: lipo jambo limpasalo, na asipolifanya kutatokea hasara inayojulikana. Kisha “unaelekezwa” na “unaagizwa”, ambayo ni ya mkubwa kwa mtumishi aliye chini yake katika kazi, wala si ya ofisi kwa mwananchi. Juu kabisa ni “unaamriwa”, na neno hili twaona liachiwe mahakama na jeshi. Mfasiri asitazame ni kitenzi gani mhandisi amekitumia katika Kiingereza chake. Atazame kutatokea nini mtu asipofika. Kama kutatokea hasara, ngazi ni “unatakiwa”, hata ikiwa Kiingereza kinaomba kwa machozi. Kama hakuna hasara, ni “unaombwa”, hata ikiwa Kiingereza kinanguruma.

Pia vitenzi hivi vyote ni vya kutendewa, na kitenzi cha kutendewa humficha mtendaji. Mwingereza wa ofisi hupenda hivyo. Husema “nimeelekezwa kukujulisha” ili lawama imwendee mwingine. Mzee wetu aliposomewa “unaamriwa”, swali lake la kwanza lilikuwa, “Na nani?” Ni swali la haki. Palipo na mtoa agizo, atajwe: Mkurugenzi wa Halmashauri, au Mtendaji wa Kata, au kikao cha tarehe fulani. Wala isidhaniwe kwamba kumtaja ni kumtishia mtu. Mtu huogopa zaidi amri isiyo na mwenyewe.

Twapita upesi juu ya “tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu”. Ni kivuli cha neno la Kiingereza la kumwambia mtu atazame kichwa cha barua. Katika Kiswahili halina maana iliyo wazi, na mtu mmoja wa Kiomboi aliwahi kutuuliza ahusike vipi na kichwa hicho, kwa kulipa au kwa kutia sahihi. Kati ya ofisi na ofisi limekwisha zoeleka na halimdhuru mtu. Katika barua ya mwananchi, mahali pake pawe na sentensi moja isemayo barua inahusu nini.

Lakini “ukishindwa” lataka tusimame. Kiingereza kina neno moja litumikalo kwa mtu asiyeweza na kwa mtu asiyefanya. Makarani tumelizoea kuligeuza “kushindwa” kila mahali. Katika Kiswahili aliyeshindwa ni yule aliyejaribu akakosa nguvu, au nafasi, au afya. Barua ikisema “ukishindwa kufika utaondolewa katika orodha”, inawatisha wagonjwa na vikongwe, wala haimgusi mtu mwenye nguvu aliyekaa tu nyumbani. Tena mtu akiondolewa aweza kulalamika kwa haki kwamba yeye hakushindwa. Neno lake ni “usipofika”. Na yule asiyeweza hasa apewe sentensi yake mwenyewe, imwambie afanye nini.

Basi barua ya tatu, iliyoandikwa kwa ajili ya orodha ya awamu ya pili, ilikuwa hivi. Twaiandika yote, tukiacha majina:

“Ndugu Mzee (jina kamili),

Salaam.

Barua hii inahusu fidia ya shamba lako lililopimwa kwa ajili ya barabara. Si barua ya mashtaka.

Mkurugenzi wa Halmashauri ameagiza kwamba kabla ya malipo kila mwenye shamba ahakiki jina lake na ukubwa wa shamba lake katika orodha. Kwa hiyo unatakiwa kufika wewe mwenyewe katika Ofisi ya Kijiji, siku ya Jumatano (tarehe), saa 3 asubuhi. Uje na kitambulisho chako na karatasi uliyopewa siku ya kupimwa.

Orodha itafungwa siku hiyo hiyo saa 10 jioni. Usipofika, jina lako halitapelekwa katika malipo ya awamu hii.

Kama unaumwa au uko mbali, mtume mtu kwa Mtendaji wa Kijiji kabla ya siku hiyo, ili upangiwe siku nyingine.

Wasalaam.”

Chini yake sahihi, jina na cheo. Ndiyo yote.

Mhandisi alipoiona alisema kwamba si tafsiri, kwa sababu katika Kiingereza chake hakuandika po pote kwamba si barua ya mashtaka. Ni kweli hakuandika. Walakini msomaji wa Kiingereza alilijua hilo kutokana na sauti ya barua yake, nayo sauti hiyo haikuvuka kuja katika Kiswahili. Basi ilitupasa kuisema kwa maneno. Hilo si kuongeza habari. Tungekuwa tumeongeza kama tungeandika kwamba fidia itakuwa nono, au kwamba asiwe na wasiwasi, mambo ambayo mhandisi hakuyajua wala hakuyaahidi. Na sentensi ya mgonjwa tulimwuliza kwanza, akaikubali, akaiingiza katika rasimu yake ya Kiingereza. Mfasiri asijitwalie ruhusa ya kuwapa watu siku nyingine. Hiyo ni kazi ya mwenye ofisi. Akiona barua ina shimo, arudi kwa mwandishi aulize, hata kama mwandishi atanuna.

Tangu hapo twatumia njia moja ya kuijaribu barua kabla haijapigwa mhuri. Humtafuta mtu ambaye hakuiona barua ya Kiingereza, awe mlinzi au mama auzaye uji nje ya ofisi, nasi humsomea kwa sauti mara moja tu, kwa kuwa kijijini nako itasomwa kwa sauti mara moja tu. Kisha twamwuliza: Nani anaitwa? Afanye nini? Asipofanya itakuwaje? Akijibu yote matatu sawasawa, twamwuliza la mwisho: Aliyeandika anamwonaje huyu mwandikiwa? Barua ya kwanza ingejibiwa, “Kama mwizi.” Ya pili, “Kama tajiri anayetakwa mchango.” Ya tatu ilijibiwa na mlinzi wetu, baada ya kufikiri kidogo, “Kama mtu mwenye shamba.” Tukaipiga mhuri.

Njia hii ina mpaka wake, nasi hatupendi kuuficha. Haifai kwa notisi ambazo sheria imeziwekea maneno au fomu maalum. Huko karani asibadili hata nukta. Aandike barua nyingine ya nusu ukurasa ya kuieleza notisi hiyo, na aibandike juu yake, na barua hiyo iseme wazi kwamba iliyo chini ndiyo yenye nguvu. Wala haifai kwa barua ziendazo juu. Mtendaji wa Kata amwandikiapo Mkuu wa Wilaya, “naomba” si utamu wa bure, kwa kuwa kweli anaomba, na yule wa juu aweza kukataa. “Naomba kuwasilisha” mwisho wa taarifa ni mahali pake halisi. Makosa huanza pale maneno ya kupandia yatumiwapo kushukia.

Limebaki neno la kufungia barua, ambalo wanachama wawili wa Iramba wametuandikia kuuliza. Katika mafaili ya zamani mtaona “wako mtiifu”, nalo latoka katika desturi ya maofisa wa Kiingereza ya kujiita watumishi watiifu wa kila wamwandikiaye, hata wakimfukuza kazi. Wakenya wamezoea “wako mwaminifu”, ambalo nalo lina asili kama hiyo. Mwombaji wa kazi akiandika “wako mtiifu” hatumlaumu. Lakini ofisi ikimwambia mzee kwamba shamba lake limechukuliwa, kisha ikajiita mtiifu wake, mzee huyo ana haki ya kucheka. Kwa barua ziendazo kwa wananchi “wasalaam” latosha, na kwa barua za watumishi wenzetu “nakutakia kazi njema” limekwisha kubalika kila mahali. Palipo sahihi ya mtu mwingine kwa niaba ya mkuu, “k.n.y.” isisahauliwe, kwa kuwa mzee atakapofika ofisini atamwuliza mtu aliyetia sahihi kwa jina lake, na ni vema awepo mtu wa kumpokea.

Mzee wetu alifika Jumatano ile saa 2 na nusu, na kitambulisho, na karatasi ya vipimo iliyokunjwa mara nane, na barua zote tatu. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja katika orodha, na ukubwa wa shamba ulikuwa sawa. Herufi ilisahihishwa, akatia dole gumba. Fidia ya awamu ya kwanza majirani zake walikuwa wamekwisha ipokea. Yeye aliwekwa katika ya pili.